Mikia kumi mfululizo: uamini kanuni ya namba kubwa au ile hisia kwamba sasa ni zamu ya kichwa?

Umerusha sarafu mara 10 na zote zimetoka mkia. Sasa unatakiwa useme rusho la 11 litatoka nini, na kuna kitu umeweka hapo, pesa au zamu ya kuanza mechi au chochote kile. Hapa ndo watu wanagawanyika. Mmoja anasema kichwa lazima kije maana kwa muda mrefu nusu kwa nusu inabidi itimie, mwingine anasema hapana, ni hamsini kwa hamsini kama siku zote. Kinachonifanya niandike hii ni kwamba yule wa kwanza akibanwa anataja kanuni ya namba kubwa kama ushahidi wake, yaani anachukua kitu cha kweli kabisa cha hesabu anakitumia kutetea kitu ambacho si kweli, na kwa sababu kanuni yenyewe ni halali basi wengi wanamkubalia. Kwahiyo kanuni hiyo na ile hisia ya zamu, ambayo huitwa kosa la mcheza kamari, naviweka bega kwa bega, kila kimoja kinaahidi nini, halafu wewe mwenyewe utaona uchague kipi na wakati gani.

Kila kimoja kinasema nini hasa

Kanuni ya namba kubwa aliithibitisha Jakob Bernoulli, kitabu chake kikatoka 1713, miaka 8 baada ya kufa kwake. Kwa sarafu nzuri inasema hivi: ukirusha mara nyingi sana, asilimia ya vichwa itakuwa karibu na 50, na ukitaka iwe karibu zaidi basi rusha nyingi zaidi, chansi ya kuwa mbali na 50 inazidi kupungua kuelekea sifuri. Basi, hapo ndo mwisho wa ahadi yake. Angalia vizuri, inaongelea asilimia na inaongelea marusho mengi. Kuhusu rusho moja linalofuata haijasema neno lolote, na wala haijasema kwamba mikia iliyozidi itarudishiwa vichwa vyake.

Kosa la mcheza kamari lenyewe linasema mikia ikishazidi basi vichwa vina deni la kulipa, na deni linaanza kulipwa sasa hivi, kwahiyo rusho la 11 lina chansi ya kichwa kubwa kuliko nusu. Ili hiyo iwe kweli sarafu ingebidi ikumbuke ilichofanya mara 10 zilizopita na ibadilishe namna inavyozunguka hewani. Hamna kitu kama hicho, sarafu ni kipande cha chuma, kinachoamua itaangukia wapi ni jinsi ulivyoirusha rusho hilo, nguvu ya kidole, urefu iliyopanda, mizunguko mingapi imepiga. Hakuna njia ya historia kupenya hapo.

Sasa swali la haki ambalo mtu anauliza, na mimi naliona ni swali zuri kweli: kama vichwa havilipi deni, hiyo asilimia itarudi vipi kwenye 50 wakati tumeanza na mikia 10 mitupu? Jibu la swali hili ndo kila kitu, ukilielewa hutachanganya hivi vitu viwili tena.

Asilimia inarudi bila deni kulipwa

Tuhesabu. Una mikia 10, vichwa 0. Kuanzia sasa chukulia sarafu inafanya kawaida yake, nusu kwa nusu, haifidii chochote. Marusho 90 yanayofuata kwa wastani yatakupa vichwa 45 na mikia 45. Ukijumlisha na ile ya mwanzo unapata hivi:

| Marusho yote | Vichwa (wastani) | Mikia (wastani) | Mikia iliyozidi | Asilimia ya vichwa |
|---|---|---|---|---|
| 10 | 0 | 10 | 10 | 0 |
| 100 | 45 | 55 | 10 | 45 |
| 1,000 | 495 | 505 | 10 | 49.5 |
| 10,000 | 4,995 | 5,005 | 10 | 49.95 |

Iangalie ile safu ya mikia iliyozidi. Haijasogea. Ni 10 mwanzo na ni 10 mwisho, hakuna kichwa hata kimoja kilichokuja kulipa, na bado asilimia imepanda kutoka 0 hadi 49.95. Ni kama umetia kijiko cha chumvi kwenye kikombe halafu ukakimimina kikombe kile kwenye tangi la maji, chumvi yote bado imo ndani, hakuna aliyeitoa, ila ukionja huisikii tena. Mikia 10 kwenye marusho 10 ni kila kitu, mikia 10 kwenye marusho 10,000 ni sehemu moja ya elfu. Kanuni ya namba kubwa inafanya kazi kwa kuzamisha yaliyopita kwenye wingi wa yajayo. Kosa la mcheza kamari linadhani inafanya kazi kwa kusawazisha.

Na kuna kitu kinachozidi hapo ambacho watu wengi hawajawahi kuambiwa. Ile 10 kwenye jedwali ni wastani tu, kwenye marusho halisi pengo kati ya vichwa na mikia linayumba huku na huku, na kadiri unavyorusha zaidi linaelekea kuwa KUBWA zaidi, sio dogo. Ukubwa wa kawaida wa pengo ni kama kipeuo cha pili cha idadi ya marusho: kwa marusho 100 tegemea pengo la kama 10, kwa 10,000 kama 100, kwa milioni moja kama 1,000. Sasa gawanya kila pengo kwa marusho yake, unapata asilimia 10, halafu 1, halafu 0.1. Pengo linakua lakini marusho yanakua haraka zaidi, ndo maana asilimia inatulia. Kwahiyo mtu anayesema "mwishowe vitalingana" amekosea hata kabla hatujafika kwenye rusho la 11, idadi zenyewe hazina lazima ya kulingana, kinachokaribiana ni sehemu yake kwa jumla.

Mtu aliyerusha kweli mara 10,000

John Kerrich alikuwa mwanahisabati wa Afrika Kusini, vita kuu ya pili ikamkuta Denmark, Wajerumani walipoivamia 1940 akazuiliwa kambini. Huko akarusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila rusho. Baada ya marusho 100 alikuwa na vichwa 44, kwahiyo mikia 56, pengo 12. Baada ya 1,000 alikuwa na vichwa 502, pengo 4. Baada ya 10,000 alikuwa na vichwa 5,067 na mikia 4,933, pengo 134.

Yaani pengo lilitoka 12 likashuka 4 likapanda 134. Anayeamini deni hulipwa hizi namba hawezi kuzieleza, maana ingebidi pengo lizidi kujifunga. Upande wa asilimia ni 44, halafu 50.2, halafu 50.67. Na hapa pia tuwe makini, ona kwamba kwenye 1,000 alikuwa karibu na 50 kuliko alivyokuwa kwenye 10,000. Hiyo haivunji kanuni. Kanuni haijaahidi kwamba kila hatua utakuwa karibu zaidi kuliko hatua iliyopita, imeahidi kwamba kuwa mbali sana kunazidi kuwa adimu. Kuwa na vichwa asilimia 44 kwenye marusho 100 ni jambo la kawaida tu, kuwa na asilimia 44 kwenye marusho 10,000 kwa sarafu nzuri ni kitu ambacho hutakiona.

Hoja ya 1 kwa 2,048

Hii ndo hoja kali zaidi ya upande wa kosa na inafaa ijibiwe vizuri. Inasema hivi: chansi ya mikia 11 mfululizo ni 1 kwa 2,048, ni ndogo mno, kwahiyo rusho la 11 kuwa mkia ni karibu haiwezekani, weka pesa yako kwenye kichwa.

Namba ni sahihi, 1 kwa 2,048 kweli. Lakini swali limebadilishwa bila wewe kuona. Hiyo ni chansi uliyokuwa nayo KABLA hujaanza kurusha. Sasa hivi mikia 10 imeshatokea, ule ugumu wote umeshapita, uliolipiwa ni ule wa 1 kwa 1,024. Na jaribu kuhesabu mfuatano wa pili, mikia 10 halafu kichwa: nao ni 1 kwa 2,048. Sawasawa kabisa. Ukisimama pale baada ya mkia wa 10 kuna njia mbili tu mbele yako, mikia 11, au mikia 10 na kichwa, na zote mbili zilikuwa na uzito uleule tangu mwanzo. Ukigawanya unapata nusu kwa nusu. Anayetumia 1 kwa 2,048 anakuwa ameipima njia moja tu na ya pili hajaipima.

Kama una kompyuta yenye Python usikubali maneno yangu, jionee. Hii inarusha mara milioni moja, na kila ikikuta mikia 10 au zaidi imeshafuatana inaandika rusho linalofuata limetoka nini:

```python
import random
mfululizo = jumla = vichwa = 0
for i in range(1_000_000):
    kichwa = random.random() < 0.5
    if mfululizo >= 10:
        jumla += 1
        vichwa += kichwa
    mfululizo = 0 if kichwa else mfululizo + 1
print(jumla, vichwa / jumla)
```

Namba ya kwanza itakuwa karibu 977, hizo ndo nafasi ambazo mikia 10 ilikuwa imetangulia. Namba ya pili ndo sehemu ya hizo nafasi ambazo kichwa kilifuata, na karibu kila mara utaiona kati ya 0.47 na 0.53. Ukirun tena itabadilika kidogo juu au chini ya nusu, lakini haitaegemea upande wa kichwa.

Alafu mikia 10 mfululizo yenyewe si muujiza kama inavyohisi. Kwenye marusho 1,000 chansi ya kuiona mahali fulani angalau mara moja ni kama asilimia 38. Tatizo letu ni kwamba tunategemea hata kipande kifupi kifanane na ile picha ya muda mrefu. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliandika kuhusu hili 1971, kwamba watu hata waliosoma takwimu wanaichukulia sampuli ndogo kama vile kanuni ya namba kubwa inaihusu nayo.

Kosa likishika usukani

Tukio linalosimuliwa zaidi ni la kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, ruleti, yaani gurudumu la kamari, ikatoa rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wacheza wakawa wanarundika pesa kwenye nyekundu, na kila nyeusi ilivyozidi kurudi ndivyo walivyozidi kuongeza, wakipoteza mamilioni ya faranga. Kwa ruleti yenye sifuri moja, rangi nyekundu ina vyumba 18 kati ya 37, yaani asilimia 48.6, na ilikuwa 48.6 kwenye mzunguko wa kwanza na 48.6 kwenye ule wa 27.

Kinachofanya kosa hili liwe la hatari ni kwamba linakwenda pamoja na mtindo wa kudabo beti. Unaweka 1, ukipoteza unaweka 2, halafu 4, 8, ukiamini ushindi uko njiani. Ukipoteza mara 10 umeshatoa jumla 1,023, na beti ya 11 ni 1,024, na ukishinda hiyo faida yako kwa yote hayo ni 1 tu. Ukiamua kuishia 10, kwa sarafu nzuri utapata faida ya 1 kwenye majaribio 1,023 kati ya 1,024 na utapoteza 1,023 kwenye lile moja. Ukijumlisha ni sifuri kamili. Kwa ruleti ni hasi, kwa sababu ya ile sifuri ya mwenye kasino. Na tena mwenye kasino ndo anayetumia kanuni ya namba kubwa kwa usahihi: hajali mzunguko unaofuata unatoa nini, ana mizunguko mingi mno kiasi kwamba ile asilimia yake ndogo anaipata kwa uhakika.

Sasa uchague kipi, lini

Ukiwa unapanga kitu chenye marudio mengi na unataka kujua jumla itakaa wapi, tumia kanuni ya namba kubwa, ndo kazi yake. Ukiwa unaamua rusho moja linalofuata, usiilete, haina la kusema hapo, unachohitaji ni chansi ya rusho hilo tu. Ile hisia ya "zamu yake imefika" kwa sarafu haina mahali pa kutumika hata pamoja.

Kuna mahali inafanana na kweli ila pametofautiana kwenye msingi. Karata zikichomolewa bila kurudishwa, 26 nyekundu na 26 nyeusi, zikitoka nyeusi 10 za kwanza basi zimebaki nyekundu 26 kwenye 42, karibu asilimia 62. Hapo kweli nyekundu imekuwa na chansi kubwa zaidi, kwa sababu kifurushi kina mwisho na kilichotoka hakirudi. Kabla hujasema kitu "kimekaribia" jiulize hicho tu: je, kilichotoka kimepunguza kilichobaki? Kwa sarafu, kete na ruleti jibu ni hapana.

Na kuna jambo la tatu ambalo kwangu ndo lenye uzito zaidi kwenye mikia 10, ambalo pande zote mbili huwa wanalisahau. Yote niliyosema yamesimama juu ya sarafu kuwa nzuri. Je, kama siyo? Chukua mfuko wa sarafu 1,000, 999 ni nzuri na 1 ina mkia pande zote mbili. Unachomoa moja bila kuangalia, unarusha mara 10, mikia mitupu. Sarafu mbovu ingetoa hivyo kwa uhakika, na chansi ya kuichomoa ilikuwa 1 kwa 1,000. Sarafu nzuri ni 999 lakini kila moja inatoa mikia 10 mara 1 kwa 1,024 tu, kwahiyo uzito wao wote pamoja ni 999 gawanya kwa 1,024, kama 0.98 dhidi ya 1. Yaani saa hii ni karibu nusu kwa nusu kwamba umeshika ile mbovu, na chansi ya rusho la 11 kuwa MKIA imepanda hadi asilimia 75 hivi. Kama mfululizo mrefu unakuambia chochote basi unakuambia uegemee mkia, kinyume kabisa cha anachofanya mcheza kamari.

Kuhakiki sarafu kwa hiyo kuna hatua zake. Kwanza igeuze uangalie pande zote mbili, hiyo inamaliza ile hali mbaya kabisa. Ukiwa bado na shaka, rusha upya na uhesabu marusho mapya tu, usichanganye na yale 10 ya mwanzo maana hayo ndo yaliyokufanya uishuku, ukiyaweka tena unakuwa umejipendelea. Kwa marusho mapya 100, vichwa vikiwa kati ya 40 na 60 huna kesi. Na ujue kwamba upungufu mdogo unahitaji kazi kubwa kuuona: sarafu yenye kichwa asilimia 51 inahitaji kama marusho 10,000 ndo ianze kujitenga na iliyo nzuri. Vile vichwa 5,067 vya Kerrich vimezidi nusu kwa 67, na kwa marusho 10,000 kuyumba kwa kawaida ni 50 hivi na hata 100 hutokea, kwahiyo hata yeye, kwa kazi yote ile, hakuwa na sababu ya kuituhumu sarafu yake.